Paipu 182, siyo 280: namna ya kujua kiwanda kiagize nini, kiasi gani na lini

Swali: Tuna karakana ya meza na viti vya wanafunzi hapa Kizota, Dodoma. Kila oda tunazidisha paipu kwa idadi ya meza, tunaagiza Dar, na bado mwishoni kuna kitu kinapungua huku paipu zikirundikana uani. Sasa tuna oda ya seti 200 na viti 50 vya ziada. Viwanda vikubwa vinajuaje viagize nini, kiasi gani na lini?

Jibu: Kuzidisha kwenyewe hakuna kosa, na lazima kufanyike. Tatizo ni kwamba mnazidisha mara moja tu, kutoka meza iliyokamilika moja kwa moja hadi paipu ghafi, mkiruka kila kilicho katikati. Katikati hapo ndipo zilipo fremu zilizokwisha kuchomelewa na kuegemezwa ukutani, meza zilizobaki za oda iliyopita, na wiki ambazo plaiwudi huchukua kufika. Paipu zinarundikana kwa sababu mnazinunua tena zikiwa tayari zipo ndani ya fremu hizo, na kitu kinapungua kwa sababu hakuna aliyekihesabia muda wake.

Kuna tofauti moja ya kuielewa kabla ya hesabu yoyote. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Majengo hajui kesho atauza paipu ngapi, kwa hiyo anaweka akiba kwa kubahatisha na kwa uzoefu. Nyinyi pia hamjui mwezi ujao shule zitaagiza meza ngapi. Lakini oda ya meza 200 ikishaingia, miguu ya meza ni 800, na hapo hakuna cha kubahatisha. Hitaji la meza ni huru, hitaji la mguu linategemea meza. Joseph Orlicky, aliyekuwa mtaalamu wa kampuni ya IBM, ndiye aliyelisimamia jambo hili katika miaka ya 1960: usikisie kile unachoweza kukihesabu. Hesabu hiyo ndiyo inayoonekana kwenye programu za viwandani kwa herufi MRP, na orodha inayoilisha huandikwa BOM. Kwa karakana ya ukubwa wenu, vyote viwili vinafanyika kwenye daftari au kwenye Excel.

Orodha yenye ngazi

Orodha mnayoitumia sasa, nadhani, ni ya bapa: meza moja, paipu kadhaa, plaiwudi kiasi, bolti kadhaa. Orodha ya kiwandani ina ngazi. Kila kitu kina mzazi, yaani kile kinachotengenezwa kutokana nacho, na idadi yake huandikwa kwa mzazi mmoja tu. Kwa meza na kiti cha kawaida cha mwanafunzi wa sekondari, orodha itafanana na hii:

```
MEZA
  Ubao wa juu               1
    Plaiwudi mm 18          1/10 shiti
  Fremu ya meza             1
    Paipu 25x25, mita 6     1
  Bolti M6 x 50             6
  Kofia za miguu            4

KITI
  Kalio na mgongo           1 jozi
    Plaiwudi mm 18          1/12 shiti
  Fremu ya kiti             1
    Paipu 25x25, mita 6     0.8
  Bolti M6 x 50             8
  Kofia za miguu            4
```

Fremu imepewa mstari wake, lakini mguu mmoja mmoja haukupewa. Kipimo ni hiki: kitu kikiweza kulala stoo na kuhesabiwa, kipe mstari. Miguu mnayoikata asubuhi na kuichomelea mchana haikai popote, kwa hiyo ukiipa mstari utajiongezea kazi ya kuandika kadi zisizosema chochote. Siku mtakapoanza kukata miguu ya wiki nzima na kuipanga kwenye rafu, ipeni mstari siku hiyo hiyo.

Rangi na rodi za kuchomelea sijaziweka. Ziwekeeni kipimo cha matumizi: pimeni rodi kabla na baada ya kuchomelea fremu 50, mgawanye, na muwe na kiwango chenu wenyewe. Kiwango cha karakana nyingine hakitawafaa, maana kinategemea mkono wa fundi na unene wa paipu.

Kwa nini paipu 1 na siyo 0.93

Hapa ndipo orodha nyingi hudanganya, kwa hiyo tukae kidogo. Tuseme fremu ya meza ina miguu 4 ya milimita 720, mbavu 2 za 550 na vipande 4 vya 400. Ukijumlisha unapata milimita 5,580, yaani mita 5.58. Ukigawanya kwa paipu ya mita 6 unapata 0.93, na mwenye kikokotoo ataandika 0.93.

Paipu haijui desimali. Ongeza upana wa mkato wa diski, kama milimita 3 kwa kila kipande: vipande 10 vinakula milimita 30. Kinachobaki ni milimita 390. Kipande kifupi kuliko vyote kwenye meza ni cha 400. Mabaki hayo hayaingii kwenye meza nyingine yoyote, kwa hiyo ukikata meza moja kwa paipu moja, meza imekula paipu nzima. Ukichanganya mikato kwa ustadi, kwa mfano paipu moja itoe miguu 8 mitupu na nyingine itoe mbavu tupu, utashuka hadi karibu 0.97, lakini 0.93 haifikiki. Anzeni na 1.

Kwenye kiti mambo ni tofauti kidogo. Tuseme kiti kina miguu 2 ya nyuma ya milimita 800 inayopanda hadi kushika mgongo, miguu 2 ya mbele ya 430, na vipande 6 vya 350. Jumla ni milimita 4,560, ambayo ni 0.76 ya paipu. Ukikata kiti kimoja kwa paipu moja unatupa kama mita 1.4 kila mara. Ila viti 5 vinatoka kwenye paipu 4 bila shida. Paipu mbili za kwanza, kila moja itoe vipande 3 vya 800, 3 vya 430 na 6 vya 350. Paipu mbili za mwisho, kila moja itoe 2 vya 800, 2 vya 430 na 9 vya 350. Jumlisheni wenyewe mtaona viti 5 vimetimia. Paipu 4 kwa viti 5 ni 0.8, na hiyo ndiyo namba ya kuandika, mradi fundi anayekata awe na mpangilio huo ukutani mbele yake. Akikata anavyojisikia, namba ya kweli inakuwa 1 na orodha yenu imeshakosea.

Plaiwudi nayo ina tabia hiyo hiyo. Shiti ya milimita 1,220 kwa 2,440 ukiigawa kwa eneo la ubao wa 600 kwa 450 unapata mbao 11. Ukiweka rula juu yake zinatoka 10: mbili kwa upana, tano kwa urefu, na mwisho unabaki na ukanda wa sentimita 17 hivi. Jozi za kalio la 400 kwa 380 na mgongo wa 400 kwa 180 zinatoka 12, wakati hesabu ya eneo ingewaahidi 13.

Kwenye oda ya seti 200, tofauti kati ya namba za kikokotoo na namba za msumeno ni paipu 22 (338 dhidi ya 360). Pengine hizo ndizo zilizokuwa zinawapungukia mwishoni, siku ambayo lori la Dar haliwezi tena kuwahi.

Kushuka ngazi moja moja, ukitoa kila unapofika

Sasa twende kwenye oda yenyewe. Akiba yenu hamkuitaja, basi natumia ya mfano, wekeni yenu. Tuseme stoo mna meza 20 zilizokamilika, viti 10 vilivyokamilika, fremu za meza 30, fremu za viti 50, paipu 120 na shiti 6 za plaiwudi. Hakuna oda yoyote iliyo njiani.

Kanuni ni moja na inarudiwa kila ngazi:

```
hitaji baki = hitaji la jumla - akiba - oda zilizo njiani
=MAX(0, B2-C2-D2)
```

Ile `MAX` inazuia namba hasi: akiba ikizidi hitaji, unaagiza sifuri, huagizi kinyume.

Meza zinazohitajika ni 200. Zipo 20, kwa hiyo mnatengeneza 180. Hiyo 180 ndiyo inayoshuka ngazi ya chini, siyo 200. Meza 180 zinataka fremu 180. Zipo 30, mnachomelea 150. Fremu 150 zinataka paipu 150.

Viti ni 250 kwa jumla. Vipo 10, mnatengeneza 240. Fremu zipo 50, mnachomelea 190. Mara 0.8, ni paipu 152.

Paipu sasa zina wazazi wawili, fremu ya meza na fremu ya kiti. Jumla ya mahitaji yao ni 302. Stoo zipo 120. Mnaagiza 182.

Linganisheni na njia yenu ya zamani: meza 200 kwa paipu 1, viti 250 kwa 0.8, jumla 400, toa 120 zilizopo, mnaagiza 280. Tofauti ni paipu 98. Ukizitafuta utazikuta zote: 50 zimo ndani ya meza 20 na fremu za meza 30, na 48 zimo ndani ya viti 10 na fremu za viti 50. Mngezinunua mara ya pili, na hilo ndilo rundo la uani.

Kuna mtego mdogo hapa kwa kitu chenye wazazi wengi. Usikihesabu mpaka umemaliza wazazi wake wote. Ukihesabu paipu mara tu baada ya meza, utaona zinahitajika 150, zipo 120, uagize 30. Kisha ukifika kwenye viti, zile 120 utazitoa tena kana kwamba bado zipo, uagize 32, na jumla itakuwa 62 badala ya 182. Paipu zile zile 120 zimetumika mara mbili kwenye karatasi. Programu huepuka hili kwa kukipa kila kitu namba ya ngazi ya chini kabisa kinakoonekana, na kusubiri hadi ifike hapo. Kwenye daftari, pangeni kurasa kwa utaratibu huo: bidhaa kamili kwanza, fremu na mbao zilizokatwa zifuate, malighafi mwisho. Na kama siku moja mtaongeza kipande cha paipu kinachofungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye meza, bila kupitia fremu, paipu itaendelea kukaa ukurasa wa mwisho.

Bolti, kwa maoni yangu, msizisumbukie kiasi hiki. Oda hii inataka 3,000 (meza 180 kwa 6, viti 240 kwa 8) na inafaa kuijua namba hiyo mara moja ili msikwame. Lakini kwa siku za kawaida wekeni madebe mawili: la kwanza likiisha mnaagiza, la pili linawavusha hadi mzigo ufike. Gharama ya kuhesabu bolti moja moja inazidi bei yake. Kofia za miguu vilevile.

Lini: kurudi nyuma kutoka siku ya kukabidhi

Kiasi peke yake hakiwasaidii kama plaiwudi inafika wiki moja baada ya lori la mteja. Chukueni siku ya kukabidhi na mrudi nyuma, mkitoa muda wa kila hatua. Tuseme seti 200 zinatakiwa Jumatatu ya wiki ya 8, na viti 50 vya ziada Jumatatu ya wiki ya 6. Muda tunaoutumia: kukusanya na kufunga bolti wiki 1, kukata plaiwudi wiki 1, kuchomelea na kupaka rangi fremu wiki 2, paipu kutoka Dar es Salaam wiki 1, plaiwudi kutoka Mafinga wiki 3.

Wiki 1 ya Dar isiwashangaze. Barabara ni kama kilomita 450 tu, na lori linaweza kulala njiani usiku mmoja. Lakini muda wa kusubiri hauhesabiwi kwa magurudumu. Unaanza siku mnayoomba proforma, unapita kwenye idhini ya malipo na benki, kupakia, na lori kusubiri mizigo ya wengine ijae, hadi paipu zihesabiwe na kuingizwa stoo kwenu. Angalieni oda zenu tano za mwisho, siku ya kuomba na siku ya kupokea, ndipo muandike. Mafinga nimeiwekea wiki 3 kwa sababu plaiwudi mara nyingi inasubiri kiwanda kipange kutoa unene mnaoutaka.

Viti 50 vya wiki ya 6: vipo 10, kwa hiyo 40 vinaanza kukusanywa wiki ya 5. Vinataka fremu 40 wiki hiyo hiyo, na zipo 50, basi hamchomelei kitu na zinabaki 10. Seti za wiki ya 8 zinaanza kukusanywa wiki ya 7, zikitaka fremu 200 za viti. Zipo 10 zilizobaki, mnachomelea 190, na kazi hiyo inaanza wiki ya 5. Fremu 150 za meza nazo zinaanza wiki ya 5. Kwa hiyo paipu 302 lazima ziwe uani Jumatatu ya wiki ya 5, na oda ya paipu 182 inatoka wiki ya 4.

Plaiwudi ina dokezo la kuvutia. Viti 40 vya kwanza vinakusanywa wiki ya 5, basi plaiwudi yake inakatwa wiki ya 4. Viti 40 gawanya kwa 12 ni shiti 3.33, yaani shiti 4, kwa sababu huwezi kufungua theluthi moja ya shiti. Shiti 4 zinatoa jozi 48, kwa hiyo jozi 8 zinabaki na zinasaidia oda kubwa. Oda kubwa inabaki na jozi 192, ambazo ni shiti 16 kamili. Ubao wa meza 180 ni shiti 18. Hivyo wiki ya 6 mnahitaji kukata shiti 34. Mlikuwa na 6, mkatumia 4, zimebaki 2, na mnaagiza 32. Rudini nyuma wiki 3 za Mafinga: oda inatoka wiki ya 3.

Tazameni kilichotokea. Plaiwudi inafungwa mwishoni kabisa, baada ya fremu kuchomelewa na rangi kukauka, lakini ndiyo inayoagizwa kwanza, wiki moja kabla ya paipu. Karakana inayoagiza kwa mpangilio wa kazi, paipu kwanza kwa sababu ndizo zinazoanza kukatwa, itakuwa na fremu 340 zilizopakwa rangi vizuri na hakuna cha kuweka juu yake. Kama mlishawahi kuona fremu zimejaa uani zikisubiri mbao, chanzo ni hiki.

Kuhusu kuzungusha namba: zungusheni juu pale tu kitu kinapokatwa au kununuliwa kwa kizima, na mabaki yake myaandike kwenye akiba. Ukizungusha kila ngazi bila kurudisha mabaki, hitaji linavimba taratibu hadi chini, na hutaona limevimbia wapi.

Pale hesabu inapoharibika

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Kinachoiharibu ni kile kinacholishwa.

Kwanza ni akiba. Kadi ikisema paipu 150 na uani zipo 120, oda itakuwa pungufu kwa 30 na hakuna atakayejua hadi siku ya kukata. Msisubiri kuhesabu stoo nzima mara moja kwa mwaka. Kila Jumamosi hesabuni vitu vitatu au vinne, mkianza na paipu na fremu, na kadi isipolingana tafuteni sababu siku hiyo hiyo ingali mbichi. Mara nyingi sababu ni paipu zilizochukuliwa kwa kazi ya pembeni, geti la jirani au kichanja cha stoo, bila kuandikwa. Angalieni pia kipimo: orodha ikiandika mita na stoo ikihesabu paipu, siku moja mtu ataingiza 120 mahali panapotaka 720, na kwenye karatasi mtakuwa mmepoteza sehemu tano kati ya sita za akiba yenu.

Pili ni orodha kutofanana na kinachofanyika. Mfano mzuri ni kubadilisha paipu ya 25 kwa 25 na kutumia ya 30 kwa 30 kwa sababu ndiyo iliyopatikana. Inaonekana ni jambo la paipu tu. Lakini bolti ya milimita 50 inapita kwenye plaiwudi ya 18 na paipu ya 25, jumla 43, na zinabaki milimita 7 ambazo nati na washa yake vinatosha kukamata. Kwenye paipu ya 30 jumla ni 48, zinabaki milimita 2, na nati haishiki. Kofia za miguu nazo haziingii. Badiliko moja limegusa mistari mitatu ya orodha, na hakuna aliyeiandika upya. Ili kugundua mapema, kila mkimaliza fremu 20, linganisheni paipu zilizotoka stoo na zile orodha inazosema. Zikiwa 20 kwa fremu za meza 20, mko sawa. Zikiwa 23, ama orodha si ya kweli ama kuna anayeharibu, na kujua ni lipi kunachukua dakika tano za kumwangalia fundi akikata.

Tatu ni kuongeza "kidogo cha tahadhari" kila mahali. Anayepanga anaongeza wiki moja, mtunza stoo anaongeza paipu 20, mnunuzi naye anaongeza 10. Kila mmoja ana nia njema, na mwisho wake ni lile rundo mnalolijua. Tahadhari iwekwe mahali pamoja panapojulikana. Mkitaka paipu 10 zisiguswe kamwe, toeni 10 kwenye akiba kabla ya hesabu: akiba inakuwa 110 na oda inakuwa 192. Inaonekana, na mtu anaweza kuihoji.

Na oda iliyo njiani hutolewa tu kama itafika kabla ya wiki inayohitajika. Paipu 60 zitakazofika wiki ya 6 haziwasaidii fremu zinazoanza wiki ya 5. Hapo kazi ya kwanza ni kumpigia muuzaji azisogeze mbele. Kununua nyingine 60 kuje baada ya hapo.

Kile ambacho hesabu hii haikioni

MRP inadhani mafundi wenu hawachoki. Imepanga fremu 340 (150 za meza, 190 za viti) ndani ya wiki ya 5 na ya 6, bila kuuliza nani atazichomelea. Mkifanya kazi siku 6 kwa wiki mna siku 12, ambazo zinadai fremu 28 au 29 kwa siku. Kama mafundi wawili wanatoa fremu 20 kwa siku zikiwa zimepakwa rangi, mnahitaji siku 17. Mpango kwenye karatasi ni mzuri na hautekelezeki, na hakuna mstari wowote uliowapa onyo. Kila mkimaliza hesabu, gawanyeni idadi ya fremu kwa uwezo wa siku kabla ya kutuma oda.

Wengi wakiona hivyo hukimbilia kusogeza kila kitu nyuma wiki moja, pamoja na malipo ya paipu. Kwenu hailazimu. Tayari mna paipu 120 uani. Anzeni kuchomelea wiki ya 4 kwa hizo: fremu za meza 120, paipu 1 kila moja, fremu 20 kwa siku, siku 6. Zinabaki fremu 30 za meza na 190 za viti, jumla 220, ambazo kwa 20 kwa siku ni siku 11 kati ya 12 za wiki ya 5 na ya 6. Paipu zake ni 30 na 152, yaani zile zile 182, na zinahitajika Jumatatu ile ile ya wiki ya 5. Oda ya Dar haibadiliki tarehe wala idadi. Ila hapo hamna nafasi ya kupoteza zaidi ya siku moja, kwa hiyo lori likichelewa siku mbili, itawabidi kulipa saa za ziada au kumweleza mteja mapema.